Dar kutoka juu: maneno mangapi yanatosha sekunde kumi na sita?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi, na safari hii si uvivu. Nilipewa kazi ya pembeni ambayo sikuwahi kuifanya: kuandika maneno ya msimulizi kwenye video ya dakika nane inayoonyesha jiji la Dar es Salaam kutoka angani. Picha zilipigwa kwa droni. Mwenye mradi alitaka mtu wa kuziunganisha na historia pamoja na maisha ya kila siku. Akanitafuta mimi kwa sababu, alisema, "waandishi wa magazeti mnajua kujaza nafasi".

Bwana, kujaza nafasi ndicho kitu cha mwisho kabisa unachotakiwa kufanya kwenye kazi hii. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa mfano wa njia moja tu kati ya zile tulizopita: kutoka Kivukoni, kuvuka Uhindini, Mnazi Mmoja, Kariakoo, hadi bonde la Jangwani. Ni mwendo mfupi. Kwa miguu unaumaliza kabla hata foleni ya magari haijasogea. Lakini kwa mtu anayetazama kutoka juu, karibu historia nzima ya jiji hili imelala hapo chini kwa mpangilio, kama kurasa za daftari.

Kwanza nianze na kile ambacho kamera ya juu inaweza na haiwezi. Rubani wetu (ndivyo anavyopenda kuitwa, ingawa miguu yake iko ardhini) hurusha mashine yake kwa kimo kisichozidi mita 120 au hapo karibu. Ana kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na ruhusa ya wahusika wa ulinzi, na vibali hivyo vina orodha ya mahali pa kukaa mbali: kambi za jeshi, njia za ndege, na bila shaka Ikulu pale Magogoni. Kwa hiyo soko la samaki la Feri, ambalo kila mtu alidhani ndilo litakalofungua video, tuliliacha, maana liko jirani mno na Ikulu. Mwandishi wa maneno lazima ajue orodha hiyo kabla hajashika kalamu. La sivyo ataandika aya tamu sana juu ya kitu ambacho hakuna picha yake.

Halafu kuna yale ambayo yanaruhusiwa lakini hayaonekani. Chukua Sanamu ya Askari pale Samora. Imesimama hapo tangu 1927, ina historia nzito ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mgeni wa mji hupigwa picha mbele yake. Kutoka mita mia juu ni nukta tu katikati ya mzunguko wa magari. Ukiizungumzia, mtazamaji anaanza kuitafuta kwa macho, haioni, na hapo umeshampoteza kwa sentensi mbili zinazofuata. Nikaifuta. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshaandika kitu kizuri juu yake.

Kinachoonekana kutoka juu ni mambo matatu: paa, mistari na mahali patupu. Nyuso hazionekani, vibao havisomeki, sauti hakuna. Droni haina sauti ya maana isipokuwa ule mvumo wa mapanga yake, kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Kelele zote za mji unazozisikia kwenye video za namna hii zilirekodiwa chini na mtu mwingine, siku nyingine, kisha zikapachikwa. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: kila sentensi ya historia lazima ishike paa fulani, mstari fulani au utupu fulani ulio mbele ya macho wakati huo huo. Kama haina cha kushika, itoke.

Tulianzia juu ya maji ya bandari, tukitazama Kivukoni. Paa jekundu la vigae la kanisa la Kilutheri la Azania Front ndilo linalovuta jicho kwanza. Wajerumani walianza kulijenga 1898 na lilimalizika 1902. Mtu asiyejua angedhani mji unaanzia hapo. Lakini mkunjo wa maji ulio chini ya kamera ni wa zamani kuliko kanisa, na ndio sababu ya mji wenyewe kuwapo. Sultani Majid wa Zanzibar aliipenda bandari hii iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba wa bahari. Katika miaka ya 1860 akaanza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima. Alifariki 1870 kabla ndoto haijakamilika, na ndugu yake Barghash hakuwa na haja kubwa na mahali hapa. Mji ukabaki nusu-nusu hadi Mjerumani alipokuja na kuhamishia makao makuu yake hapa kutoka Bagamoyo mnamo 1891.

Hiyo ni aya nzima. Kwenye video, mahali pake pana sekunde 14. Unafanyaje?

Hapa ndipo nilipojifunza hesabu ambayo sikufundishwa chuo. Watu wa video wanaotumia Kiingereza huhesabu maneno: maneno kadhaa kwa dakika, basi. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. "Hawakuwahamishia" ni neno moja, lakini mdomo unafanya kazi ya maneno matano. Kwa hiyo nikaacha maneno nikahesabu silabi. Nilimpa msimulizi wetu, dada mwenye sauti nzito na tulivu, ukurasa mmoja wa gazeti asome kwa mwendo ambao angeutumia kwenye video, nami nikashika saa. Ilitoka kama silabi tano kwa sekunde, hivi au pungufu kidogo. Nikachukua tano.

Kisha unatoa ukimya. Kipande kipya kinapoingia, jicho linahitaji kama sekunde tatu kujua liko wapi: bahari iko upande gani, barabara hii ni ipi. Ukisema kitu ndani ya sekunde hizo hakisikiki, hata kama kimesemwa kwa sauti kubwa. Mwishoni nako unaacha sekunde mbili ili neno la mwisho lisikatwe na picha inayofuata. Kwa hiyo kipande cha sekunde 16 kina sekunde 11 tu za maneno, sawa na silabi 55. Ukizidisha, msimulizi atakimbia, na mtu anayekimbia husikika kama anauza kitu.

Sasa tuingie mjini. Kutoka Kivukoni kamera inapita juu ya mitaa ya Kisutu na Jamhuri, sehemu ambayo wazee bado wanaiita Uhindini. Hapa paa ndizo zinazosimulia. Viwanja ni vyembamba na virefu, duka chini na makazi juu, nyumba zimebanana kama vitabu kwenye rafu. Juu ya kila paa kuna matenki ya maji, meusi, kumi, ishirini, kama mbegu za papai. Mgeni ataona matenki na kusema ni pambo la ajabu. Mwenyeji anajua hayo matenki ni kumbukumbu ya siku zote ambazo bomba lilikauka. Nikaandika sentensi moja ya historia na moja ya matenki. Ya historia inasema kwamba mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, na kwamba ghorofa hizi zikabadilisha mwenye nyumba huku wapangaji wengi wakibaki na ngazi zile zile. Ya matenki inasema tu kwamba hapa maji hupandishwa juu kwanza, ndipo yashuke jikoni. Nadhani mnanielewa: moja inamweleza mtu jengo lilikotoka, nyingine inamweleza mtu anayeishi humo anavyoamka.

Baada ya Uhindini, ghafla majengo yanakwisha. Kuna ukanda wa nyasi na miti, mrefu, kati ya barabara ya Bibi Titi na mtaa wa Lumumba. Halafu majengo yanaanza tena upande wa pili. Huo ndio Mnazi Mmoja, na ndicho kipande kilichonipa kazi kuliko vyote. Kilikuwa na sekunde 16. Kamera inatazama kaskazini, kwa hiyo mji wa zamani wa maduka uko kulia na Kariakoo iko kushoto.

Karatasi ya maelezo niliyopewa ilikuja na sentensi iliyopendekezwa: "Hapa ni Mnazi Mmoja, viwanja maarufu vya kihistoria vilivyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambapo matukio mengi muhimu ya kitaifa yamekuwa yakifanyika." Ihesabu. Ni kama silabi 65, yaani sekunde 13. Imezidi nafasi. Lakini ubaya wake mkubwa hauko kwenye urefu. Iondoe hiyo sentensi, iweke juu ya picha ya Jangwani au uwanja wowote wa wazi nchini, badilisha jina tu. Itakaa vizuri kabisa. Sentensi inayoweza kuhama namna hiyo haijaitazama picha.

Picha yenyewe inauliza swali moja tu: kwa nini katikati ya mji uliobanana hivi, mahali ambapo kila hatua ya ardhi ni pesa, pameachwa nyasi? Jibu lipo. Tangu 1891 Wajerumani walikuwa na kanuni za ujenzi zilizoelekeza nyumba za aina gani zijengwe wapi. Waingereza walipoushika mji, baada ya kuuteka Septemba 1916, waliendeleza mpango huo na kuugawa mji katika kanda tatu. Ya kwanza ilikuwa makazi ya Wazungu huko ufukweni. Ya pili ilikuwa ya biashara, wengi wakiwa Wahindi. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za Waafrika, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Kanuni zenyewe hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo: nyumba ya vifaa fulani kanda hii, nyumba ya udongo na makuti kanda ile. Aliyekuwa na uwezo wa udongo na makuti tu alijua mwenyewe aelekee wapi. Na kati ya kanda ya pili na ya tatu uliachwa ukanda mtupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, ati kuzuia maradhi yasivuke. Ndizo hizi nyasi.

Nikaandika hivi: "Nyasi hizi hazikuachwa kwa bahati. Mwingereza aliziacha wazi ili ziwatenge Wahindi wa kulia na Waafrika wa kushoto." Silabi 46. Inatosha, na inashika picha. Lakini ilikuwa na matatizo mawili. Neno "ziwatenge" linasema nia kwa ukali kuliko karatasi za wakati ule zilivyoisema, na mtazamaji mjuzi angeweza kubisha hapo na kuacha kusikiliza. La pili, sentensi yote ni ya jana. Chini ya kamera kuna mamia ya watu wanatembea jioni hiyo, na maneno hayawaoni.

Toleo lililobaki ni hili: "Nyasi hizi ni mpaka wa zamani. Mwingereza aliziacha wazi, Uhindini kulia, Uswahilini kushoto. Jioni hii watu wanaukatiza tu." Silabi 52. Neno "mpaka" linafanya kazi yote bila kugombana na mtu. "Kulia" na "kushoto" zinageuza macho ya mtazamaji, na akigeuka anaona tofauti mwenyewe: upande mmoja mitaa iliyopindapinda, upande wa pili mistari iliyonyooka kwa rula. Na "wanaukatiza tu" inashika kile kinachoonekana hasa, wale wafanyakazi wanaotoka maofisini kwenda kutafuta usafiri Kariakoo, wanaopita njia ya mkato kwenye majani.

Mwenye mradi alipoisoma alikunja uso. "Hii ni video ya wageni," alisema. "Mbona unawapa huzuni?" Nikamjibu kwamba mgeni ataona pengo kwenye picha atake asitake. Tusipomweleza atajieleza mwenyewe, na pengine ataona ni uwanja wa kuegesha magari uliokosa mwekezaji. Akacheka. Sentensi ikabaki.

Kariakoo sasa. Jina lake ni la vita. Waingereza walipouteka mji waliwaweka hapa wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza "keria ko". Watu wa pwani wakalipa jina hilo vokali zake likawa letu. Nairobi nako wana Kariokor yao, kutoka kikosi hicho hicho. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Nilitaka hilo lisemwe, na nilijua picha ya kulibeba ni ipi: mitaa inaponyooka, msongamano wa watu wenye mizigo vichwani, mabegani na kwenye mikokoteni. Maneno yakawa machache: mji huu umepewa jina na wabeba mizigo, na bado wanabeba.

Kisha soko. Ukiwa barabarani unaliona Soko la Kariakoo kama jengo kubwa la zege, basi. Kutoka juu ndipo unapoona alichokifanya Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania aliyelichora. Paa lake ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, iliyopangwa safu kwa safu ili ikinge maji ya mvua na kuyashusha chini. Soko lilifunguliwa 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua, na ukarabati ukafuata. Hapa ndipo droni ilipolipa gharama zake, maana hata mimi niliyenunua nyanya pale tangu utotoni sikuwahi kujua paa lile lina umbo gani. Kwa kipande hiki niliandika silabi 20 tu na kuacha kimya kitawale. Picha inapokuwa na habari mpya kabisa, maneno yakae pembeni.

Katikati ya maghorofa ya Kariakoo bado zimebaki nyumba chache za chini, za Kiswahili: mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma. Mwenye mradi alizitaka sana. Rubani akashusha droni hadi kama mita 25 ili mpangilio uonekane vizuri. Dakika mbili hazikupita, mama mmoja akatoka mlangoni, khanga imefungwa haraka haraka.

"Nyie vijana, hicho kidudu chenu kinachungulia nini uani kwangu?"

"Shikamoo mama," rubani akasema. "Tunapiga picha za mji tu."

"Marahaba. Mji uko huku barabarani. Kule ni uani."

Hakuna mtu aliyekuwa na jibu. Rubani akamwonyesha kipande kwenye kioo cha rimoti. Alikuwamo yeye mwenyewe, kichwa wazi, anaosha nywele za mjukuu wake karibu na beseni. Aliomba kifutwe, kikafutwa mbele yake, akatushukuru, akaingia ndani.

Nimeifikiria ile sentensi yake kwa muda mrefu. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa makubaliano kwamba anayepita hawezi kuona nyuma. Ukuta wa uani ni mrefu kuliko mtu, mlango haukabiliani na ukumbi moja kwa moja, au pana pazia. Baraza ni la mtaa mzima: hapo wageni huketi, bao huchezwa, kahawa hunywewa. Uani ni wa wenyewe. Makubaliano hayo yametegemea jambo moja ambalo hakuna fundi aliyewahi kulitilia shaka, kwamba hakuna mtu anayepita juu. Ghorofa jirani zilianza kuyavunja. Droni inayamaliza.

Kwa hiyo tulibadilisha vyote viwili, picha na maneno. Picha ilipigwa upya kutoka mita mia, kwa pembe ya ubavuni, asubuhi wakati kivuli cha ukuta kinafunika uani. Unaona paa, unaona pengo la nyuma, huoni mtu. Na maneno ni haya: "Nyumba ya Kiswahili ina mbele na nyuma. Baraza ni la mtaa, uani ni wa nyumba." Hatukuongeza kitu. Kimo cha kamera ndicho kinachomalizia sentensi, kwa kuwa mtazamaji anaelewa kwamba tumekaa mbali makusudi. Tangu siku hiyo rubani ana kanuni yake mwenyewe: ukiweza kuhesabu vidole vya mtu aliye nyumbani kwake, panda juu.

Mwisho wa njia yetu ni Jangwani. Hapa kuna zawadi kwa yeyote anayefuata mpira: kipande kimoja, ukigeuza kamera polepole, kinapita mtaa wa Msimbazi ilipo klabu ya Simba na kuishia Jangwani ilipo klabu ya Yanga. Watani wawili wakubwa wa nchi hii, mmoja wa 1935 na mwingine wa 1936, wanaishi karibu hivi kwamba wakikohoa wanasikizana. Nilipoandika hivyo msimulizi akaniuliza timu yangu ni ipi. Sikumjibu, na sitawajibu nanyi.

Baada ya hapo bonde linafunguka. Tulilipiga picha kiangazi. Nyasi kijani, vijana wanacheza mpira, mto Msimbazi ni uzi mwembamba wa kijivu unaojikunja. Ni picha nzuri kiasi cha kuudhi. Mtu wa kuja angesema, hapa mbona hapajajengwa? Desemba 2011 mvua zilipofurika, mto ule ule ulijaa bonde zima, watu wakafa, wengine wakaokolewa juu ya mapaa. Serikali ikahamishia familia nyingi Mabwepande, mbali kabisa nje ya mji. Waliobaki au waliorudi, wengi wao nyumba zao zilibomolewa mwishoni mwa 2015. Na kituo cha mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria 2016, kilijengwa ndani ya bonde hilo hilo, na maji yamekitembelea mara nyingi.

Tatizo ni kwamba hakuna hata tone moja la mambo hayo kwenye picha. Sheria yangu ya kushika paa, mstari au utupu ilionekana kunikwamisha. Nikatazama kipande tena na tena, hadi nikaona kitu. Barabara ya Morogoro inakuja imejaa nyumba pande zote mbili, inafika ukingo wa bonde, nyumba zinakoma kwa mstari mmoja, kisha zinaanza tena Magomeni kwa mstari mwingine. Mistari hiyo miwili hakuna aliyeichora kwa rula. Inafuata mahali maji yalipofika. Nikaandika: "Nyumba zinaishia pale maji yanapoanzia. Leo ni kiangazi. Desemba 2011 mto huu ulijaa kutoka ukingo hadi ukingo." Kama silabi 55, kwenye kipande cha sekunde 16.

Hii sasa mwenye mradi aliikataa katakata. Mnazi Mmoja ni historia, alisema, lakini mafuriko ni habari, na habari ni kazi yako ya gazetini. Alitaka tutoke Kariakoo moja kwa moja hadi Daraja la Tanzanite wakati jua linazama. Nilimwelewa. Yeye ndiye anayelipa, na daraja lile kweli linapendeza jioni. Tukakubaliana kwamba tutarekodi matoleo mawili, lenye Jangwani na lisilo nayo, halafu ataamua akiwa amekaa mbele ya kioo.

Siku ya kurekodi msimulizi alisoma kurasa zote mara mbili mbili, kama kawaida yake, ili mhariri achague. Alipofika Jangwani alisoma mara moja, taratibu kuliko sehemu nyingine zote, akavua visikizio. Fundi akamwomba arudie. Akasema hapana, hiyo inatosha. Ndipo akatueleza kwamba amekulia Magomeni, na kwamba Desemba ile alisimama ukingoni na mama yake, wakimsubiri mjomba wake upande wa pili. Mjomba alivuka siku ya tatu. Hakusema zaidi, na mwenye mradi, aliyekuwa amekaa nyuma yetu na chupa yake ya soda, hakusema kitu chochote.

Video ya mwisho ina Jangwani. Daraja la Tanzanite lipo pia, mwishoni, pamoja na jua lake, bila neno hata moja juu yake, maana daraja linajieleza. Nimepima: katika dakika nane, sauti ya msimulizi inasikika kwa dakika tatu na sekunde arobaini. Zilizobaki ni adhana iliyorekodiwa Kariakoo alasiri, makonda wanaoita abiria, honi ya meli bandarini, na upepo. Nililipwa kwa idadi ya dakika za video, si kwa idadi ya maneno. Kwa mwandishi wa gazeti hicho ni kitu kigeni kabisa, na namwomba mhariri wangu asisome hapa.